Homa ya Chanjo Ina Saa Yake

Saa tatu usiku mtoto anachemka. Asubuhi alitoka kliniki na sindano tatu, mchana akalala, jioni akaanza kulia kila akiguswa paja, na sasa ukimwekea kiganja tumboni unahisi moto. Bibi yake amekaa mkekani, anasema, "Hiyo chanjo tu, mwanangu, kesho itatoka." Baba amesimama mlangoni, anataka kukimbilia duka la dawa kabla halijafungwa akanunue dawa ya malaria. Jirani aliyekuja kuazima chumvi anasema ni meno. Na mama, ambaye ndiye atakayekesha, hajui amsikilize nani.

Ndani ya nyumba hiyo kuna kitu kinachoweza kuwaamulia, nacho kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati: kadi ya kliniki. Wengi wetu huichukulia kama cheti cha kumwonyesha nesi kwamba tumefika. Lakini kadi hiyo inasema mtoto amechomwa nini na lini, na anayejua kuisoma anaweza kupiga hesabu ya homa. Kila chanjo ina saa yake. Nyingine huleta joto jioni ileile na kuondoka nalo kesho kutwa, nyingine hukaa kimya wiki nzima ndipo joto lije, na nyingine hailileti kabisa. Homa iliyokuja nje ya saa yake usiisingizie chanjo. Watoto wengi wamecheleweshwa nyumbani na malaria au nimonia kwa sababu ya neno moja tu, "kachanjwa juzi".

Nitafuata ratiba ya Tanzania, na ili tarehe zisielee hewani, tuchukue mtoto wa mfano, wa kike, aliyezaliwa Jumatatu tarehe 6 Januari 2025 akiwa na kilo 3.1.

Siku aliyozaliwa, au ndani ya siku chache za mwanzo, alichomwa BCG ya kuzuia kifua kikuu, kwenye bega la kulia, na kudondoshewa matone ya polio mdomoni. Baada ya hapo kliniki huhesabu kwa wiki, na hapa wazazi wengi hukosea kwa kuhesabu miezi. Wiki ya 6 ni Jumatatu tarehe 17 Februari. Wiki ya 10 ni Jumatatu tarehe 17 Machi. Wiki ya 14 ni Jumatatu tarehe 14 Aprili. Ukihesabu wiki, mahudhurio yote matatu yanaangukia siku ileile aliyozaliwa mtoto, kwa hiyo mama wa mtoto wa Jumatatu hana sababu ya kuchanganyikiwa. Halafu kuna pumziko refu hadi miezi 9, tarehe 6 Oktoba, na jingine hadi miezi 18, tarehe 6 Julai 2026.

Mchoro wa 1: Mtoto amelala chali, sehemu za chanjo zimewekewa alama. Bega la kulia, BCG. Mdomo, matone ya polio na ya rota. Paja la kushoto, penta. Paja la kulia, nimonia, na wiki ya 14 polio ya sindano karibu yake, zikiachana kama sentimita 2.5. Mkono wa kushoto juu, surua-rubela.

Katika mahudhurio matatu ya wiki, sindano inayotuhusu zaidi usiku ni ile ya paja la kushoto. Manesi huiita penta kwa sababu ndani yake mna kinga za magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na maradhi ya bakteria wa Hib, ambaye huwapa watoto wachanga nimonia na homa ya uti wa mgongo. Paja la kulia hupata chanjo ya nimonia. Mdomoni huingia matone ya polio, na ya rota ya kuzuia kuhara kukali. Rota ina aina zaidi ya moja, nyingine ya dozi mbili na nyingine ya dozi tatu, ndiyo maana kadi ya kaka mtu inaweza isifanane na ya mdogo wake. Hilo lisikutie wasiwasi.

Kwa nini wiki ya 6 na si mwezi wa sita, mtoto akiwa amekomaa kidogo? Sababu kubwa ni kifaduro. Ugonjwa huo mtu mzima humsumbua kwa kikohozi cha wiki kadhaa, lakini kichanga hukohoa mpaka akakosa pumzi, na wanaokufa wengi ni wa miezi ya mwanzo kabisa. Surua ni kinyume chake. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humpa mtoto kinga yake akiwa bado tumboni, na kinga hiyo ikiwa bado nyingi mwilini huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Hivyo nesi husubiri ipungue, hadi miezi 9. Hata hapo, kati ya watoto 100 wanaochomwa, kama 85 hivi ndio wanaopata kinga. Sindano ya miezi 18 huja kuwakamata waliobaki. Mzazi anayesema "surua alishachomwa" akairuka hiyo ya pili hawezi kujua kama mtoto wake yumo kwenye wale 85 au kwenye wale 15.

Ukichelewa, nenda na kadi yako hivyohivyo. Nesi haanzi upya; anaendelea pale ulipoishia, akiacha angalau wiki 4 kati ya penta moja na nyingine. Na ukifika ukaambiwa, "Mama, BCG leo hatufungui, rudi Alhamisi," huo si uvivu, ingawa nauli inauma. Kichupa cha BCG kina dozi 20, cha surua-rubela kwa kawaida 10, na vyote viwili vikishachanganywa na maji yake lazima vitupwe ndani ya saa 6, kwa sababu havina dawa ya kuzuia vijidudu kuingia. Vituo vingi huchagua siku moja ya kuwakusanya watoto. Uliza siku hiyo mapema, kabla hujapanda daladala.

Sasa turudi kwenye homa, na tuanze na ile isiyoleta. BCG haina homa yake. Ina kidonda chake. Wiki mbili hadi sita baada ya kuzaliwa, pale begani hutokea kipele, kinavimba, kinaweza kupasuka na kutoa usaha kidogo, kisha kinakauka taratibu kwa miezi kadhaa na kuacha kovu. Mama wa kwanza huogopa akadhani sindano imeoza. Usikipake mafuta, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya antibayotiki. Kiogeshe kwa maji na sabuni pamoja na mwili mwingine na kiachwe kipate hewa. Kinachohitaji kuonekana na mhudumu ni tezi lililovimba kwapani upande uleule. Na kichanga wa wiki mbili mwenye joto kali hana homa ya BCG. Huyo ni mgonjwa, tena mgonjwa wa haraka.

Penta ndiyo mwenye nyumba wa homa za usiku. Ile kinga ya kifaduro iliyomo ndani yake imetengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Mwili wa mtoto ukimwona mgeni mkubwa kiasi hicho hupandisha joto. Hadi nusu ya watoto wanaweza kuchemka, na wengi zaidi husumbuliwa na paja lililovimba na kuuma. Chanjo ya nimonia nayo huongeza kuni kidogo kwenye moto huohuo, na saa zao zinafanana: joto huanza saa chache baada ya sindano, mara nyingi jioni, hufika kileleni usiku wa kwanza, na linatakiwa liwe limekwisha ndani ya saa 48. Matone ya polio na ya rota kwa kawaida hayana homa ya kutajwa.

Kabla ya dawa, pima. Mkono wa mama ni mzuri katika kukana kuliko kuthibitisha: ukimgusa ukasema hana joto, mara nyingi huwa kweli hana, ukisema anaungua, mara nyingi unakuwa umetiwa chumvi na hofu, au na blanketi alilofunikwa. Kipimajoto cha dijitali hupatikana maduka ya dawa na hudumu miaka.

Mchoro wa 2: Kupima kwapani. Kwapa limefutwa jasho, ncha ya kipimajoto imeingia katikati kabisa na kugusa ngozi, si nguo, na mkono wa mtoto umebanwa ubavuni mwake mpaka kipimajoto kilie. Mtoto anaendelea kunyonya.

Kuanzia nyuzi 37.5 kwapani ni homa. Lakini homa siyo amri ya kutoa dawa. Mtoto mwenye 37.8 anayenyonya, anayekutazama, anayetulia akibebwa, mpunguzie nguo, mwache na fulana moja, fungua dirisha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi kwa sababu joto linamkausha maji. Kumwogesha kwa maji baridi kunamtetemesha, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani wakati ngozi inadanganya kwamba limeshuka. Pale penye uvimbe pajani weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kawaida. Usikande kwa maji ya moto wala usisugue. Kigoroto kidogo kigumu kinaweza kubaki hapo kwa wiki kadhaa bila madhara. Kikianza kuwa chekundu, cha moto na kuzidi ukubwa siku baada ya siku, hicho ni jipu na kinahitaji mhudumu.

Joto likifika 38.5, au likiwa chini ya hapo lakini mtoto analia kwa maumivu, hapo parasetamoli ina kazi. Na hapa naomba tusome pole pole, kwa sababu ndipo penye makosa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya usiku huu.

Kipimo hutokana na uzito, si umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Uzito unao tayari, nesi aliuandika kwenye kadi asubuhi ileile. Mtoto wetu wiki ya 14 ana kilo 6.2, kwa hiyo mara moja anahitaji kati ya miligramu 62 na 93. Sasa chukua chupa, soma lebo. Dawa ya maji inayouzwa sana kwa watoto ina miligramu 120 katika kila mililita 5, yaani miligramu 24 kwa mililita moja. Mililita 3 zitampa miligramu 72, na hapo tumetulia. Unaweza kurudia baada ya saa 6 kama joto limerudi, na usizidishe mara nne kwa siku nzima.

Tatizo ni kwamba rafu hiyohiyo ya duka ina chupa nyingine inayofanana nayo, yenye miligramu 250 katika mililita 5, iliyokusudiwa watoto wakubwa. Mama akipewa hiyo akampimia mililita 3 zilezile, mtoto amekunywa miligramu 150, mara mbili ya alichohitaji. Akirudia hivyo mara nne kwa siku, siku mbili, ini linaanza kulipa. Yapo pia matone mazito ya vichanga, ambayo miligramu 100 zinakaa ndani ya mililita moja tu. Na kijiko cha chai cha jikoni hakina kipimo: kimoja kinabeba mililita 3, kingine 6. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, ni la bei ndogo na lina mistari.

Mchoro wa 3: Chupa mbili za dawa ya maji, rangi moja, boksi karibu moja. Duara jekundu limezungushwa kwenye maandishi madogo ya lebo: moja miligramu 120 kwa mililita 5, nyingine miligramu 250 kwa mililita 5. Pembeni, bomba lililojazwa hadi mstari wa 3.

Aspirini mtoto asipewe kabisa, hata robo ya kidonge, kwa sababu inaweza kuharibu ini na ubongo wake. Ibuprofeni si dawa ya vichanga wa umri huu. Na parasetamoli yenyewe usiitoe asubuhi kabla ya kwenda kliniki "ili asisikie". Mwaka 2009 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Jamhuri ya Cheki kwa vichanga 459. Waliopewa parasetamoli ya kuwahi, kabla homa haijaja, walipata homa chache zaidi, lakini pia damu yao ilitengeneza askari wa kinga wachache zaidi dhidi ya baadhi ya magonjwa waliyochanjwa. Subiri homa ije ndipo umtibu. Ndugu zetu walioko Uingereza huambiwa kinyume cha hili kwa chanjo moja, ile ya homa ya uti wa mgongo kundi B, ambayo huchemsha sana na kule hutolewa pamoja na parasetamoli. Lakini chanjo hiyo haimo kwenye ratiba yetu, hivyo ushauri wa shangazi aliye Londoni usiuhamishie Mbagala.

Umri nao una neno. Mtoto anayepata penta ya kwanza ana wiki 6 tu, na chini ya miezi 2 mwili hauonyeshi dalili vizuri: maambukizi ya damu na homa ya penta vinaweza kufanana kabisa kwa saa za mwanzo. Kichanga wa umri huo akisoma 38 au zaidi, hata kama kachanjwa asubuhi ileile, aonekane na mhudumu wa afya. Kama hanyonyi vizuri, amelegea, au anapumua kwa haraka, ni usiku huohuo. Kama ananyonya kwa nguvu na yuko macho, ni asubuhi na mapema. Baada ya miezi 2 unaweza kutumia ile saa ya 48 kwa utulivu zaidi.

Tuone saa hiyo ikifanya kazi. Tarehe 14 Aprili, masika yameshika, mtoto wetu anachomwa sindano tatu saa nne asubuhi. Saa moja jioni ana 38.1, analia akiguswa. Saa tatu usiku ni 38.6, anapewa mililita 3. Saa nne na nusu ni 37.7, ananyonya, analala. Jumanne kutwa anapanda hadi 38 na kushuka mwenyewe. Jumatano asubuhi, saa 46 tangu achomwe, kipimajoto kinasoma 36.9 na mtoto anatabasamu. Homa imekuja kwa saa yake na kuondoka kwa saa yake. Bibi alikuwa sahihi.

Ijumaa jioni anachemka tena: 38.9, na ametapika mara mbili. Bibi anasema yaleyale, chanjo imerudi. Lakini tuhesabu. Kutoka Jumatatu saa nne asubuhi hadi Ijumaa jioni zimepita zaidi ya saa 100, na katikati palikuwa na siku mbili na zaidi za joto la kawaida. Homa ya penta hairudi namna hiyo. Mama anampa parasetamoli, anafunga kanga, anakwenda kituo cha afya. "Shikamoo, dada. Huyu alichanjwa Jumatatu, homa ikaisha Jumatano, leo imeanza nyingine." Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kwa mhudumu, kwa kuwa inamwondolea kishawishi cha kusema naye "ni chanjo". Anamtoboa mtoto kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinachora mistari miwili, na mtoto anaanza dawa mseto iliyopimwa kwa kilo zake usiku uleule. Kama Ijumaa ile wangengoja "itatoka yenyewe" hadi Jumapili, malaria kwa mtoto wa miezi mitatu na nusu isingewangoja.

Hata ndani ya saa 48 kuna mambo ambayo hayana ruhusa ya kuitwa chanjo. Hesabu pumzi: mpandishe fulana, tazama tumbo likipanda na kushuka dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka mno, na nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi ni nimonia mpaka mhudumu aseme sivyo. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelala usingizi usioamshika, au aliyegeuka kuwa mweupe na kulegea kama kitambaa, hapelekwi kesho. Kilio cha mfululizo cha zaidi ya saa 3, kisichotulizwa na ziwa wala mgongo, hutokea mara chache baada ya penta na kwa kawaida hupita, lakini nacho kinastahili kuonekana na mhudumu na kuandikwa kwenye kadi. Mzio mkali wa chanjo wenyewe hauji usiku: huja ndani ya dakika, mara chache saa moja, na ndiyo sababu nesi anakuomba ukae kwenye benchi dakika 15 hadi 30 huku trei yake yenye adrenalini ikiwa karibu. Usiondoke kuwahi gari.

Miezi 9 saa inabadilika kabisa, na hapo hata wazazi wazoefu hukosea. Chanjo ya surua-rubela ni virusi hai waliodhoofishwa. Wanahitaji muda wa kuzaliana kidogo mwilini kabla mwili haujawashtukia, hivyo jioni ya sindano mtoto hucheza kama kawaida, mama hushukuru na kusahau. Kisha, kati ya siku ya 6 na ya 12, joto linakuja, kwa watoto wachache kati ya kila 100: 5 hadi 15. Wachache zaidi hupata na vipele vyekundu vidogo kifuani na usoni, vinavyokaa siku mbili hivi. Mtoto wetu aliyechomwa tarehe 6 Oktoba, homa yake inaweza kuja kati ya tarehe 12 na 18. Hana surua, na vipele hivyo havimwambukizi mtoto wa jirani. Lakini kwa kuwa imepita wiki nzima, hakuna anayeikumbuka sindano, na kwa kuwa kuna malaria, usikisie: homa yoyote ya siku hizo ipimwe malaria kwanza, na ikizidi siku mbili arudi kituoni hata kama kipimo kilisema hana. Zungushia tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani siku ileile ya sindano. Homa ya jioni ya sindano ya surua, kwa upande wake, haina mwenyewe kwenye chanjo hiyo. Itafutiwe sababu nyingine.

Mchoro wa 4: Kalenda ya Oktoba. Tarehe 6 ina alama ya sindano. Tarehe 12 hadi 18 zimezungushiwa wino. Siku tano katikati ziko tupu.

Kati ya miezi 6 na miaka 5, homa inayopanda kwa kasi inaweza kumtia mtoto degedege: macho yanageuka, mwili unakakamaa, mikono na miguu inarusharusha. Sababu inaweza kuwa chanjo ya surua siku ya 9, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mafua. Nimeshuhudia nyumba ikijaa watu dakika hizo, mmoja analeta kinyesi cha tembo cha kumfukiza, mwingine anasema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hospitalini atakufa. Imani hiyo ya pili ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote, kwa sababu huwazuia watu mlangoni wakiwa tayari wameshambeba mtoto. Mlaze ubavu, mkeka au kanga chini ya kichwa, legeza nguo, usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, na tazama saa. Mara nyingi hukoma kabla ya dakika 5. Likipita dakika 5 ni dharura ya kukodi bodaboda saa hiyo. Likikoma kabla ya hapo bado anakwenda kituoni apimwe malaria na kuangaliwa shingo na utosi, maana degedege la homa ya kawaida humwacha mtoto amechoka tu, na la malaria kali au uti wa mgongo halimwachi hivyo.

Hadi miezi 18 kadi ya mtoto huyu itakuwa na mihuri mingi. Katikati, miezi 6, atapewa matone ya vitamini A, ambayo si chanjo, na miaka mingi baadaye, akiwa kati ya miaka 9 na 14, atakutana na sindano ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Kila utakaporudi, mweleze nesi homa ya mara iliyopita ilivyokuwa: ilianza saa ngapi, ilifika ngapi, iliisha lini. Homa ya 38.6 iliyopita haizuii sindano inayofuata, wala kikohozi chepesi au makamasi ya leo hayazuii. Degedege, kulegea kwa ghafla au mzio ndivyo vinavyobadilisha mpango, na nesi anaweza kuamua mtoto aonwe na daktari kabla ya kuichoma tena penta. Tarehe 6 Julai 2026 ni Jumatatu, na kesho yake ni Sabasaba, kliniki nyingi zitakuwa zimefungwa. Nenda Jumatatu.